Kabla hujaandika rufaa ya matokeo, tafuta alama zilikopotea

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma stashahada, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Tanga mjini. Matokeo ya muhula wa kwanza yalitangazwa tarehe 2 Machi 2026. Kwenye Uhasibu wa Gharama nimeandikiwa tathmini endelevu 16, mtihani wa mwisho 24, jumla 40, na kufaulu ni 45. Karatasi zangu ninazo: jaribio la kwanza 22 kati ya 30, la pili 18 kati ya 30, kazi ya kikundi 14 kati ya 20. Nahisi mwalimu wa somo hanipendi kwa kuwa tulibishana darasani, na siku ya mtihani nilikuwa na homa. Nifundishe kuandika rufaa isiyo na kiburi, na niombe nini hasa.*

Marahaba mwanangu. Kabla ya kushika kalamu, chukua karatasi tupu ufanye hesabu, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo itakayoamua barua yako iseme nini. Tafuta mpangilio wa somo mliogawiwa mwanzoni mwa muhula, uone tathmini endelevu yenye alama 40 imegawanywaje. Nitachukua mgawanyo ambao nimeuona mara nyingi, yaani alama 15 kwa kila jaribio na alama 10 kwa kazi ya kikundi. Kama wenu ni mwingine, weka tarakimu zenu mahali pa hizi.

Jaribio la kwanza ulipata 22 kati ya 30, na likipunguzwa kuwa la alama 15 linakupa 11. La pili, 18 kati ya 30, linakupa 9. Kazi ya kikundi, 14 kati ya 20, inakupa 7 kati ya 10. Zikijumlishwa ni 27, wakati wewe umeandikiwa 16. Sasa tazama pengo lenyewe: 27 ukitoa 16 inabaki 11, ambayo ndiyo alama yako yote ya jaribio la kwanza. Hiyo 16 uliyoandikiwa ni 9 na 7, jaribio la pili na kazi ya kikundi, na hakuna kitu kingine ndani yake. Kwa hiyo, ikiwa mgawanyo wenu ni huu, jambo linaloelekea kuwa limetokea ni kwamba jaribio la kwanza halikuingizwa kwenye orodha ya alama, au liliingizwa likasomeka sifuri. Likirudishwa, jumla yako inakuwa 27 na 24, yaani 51, nawe umefaulu somo.

Nimekaa kwenye hesabu hii kwa makusudi. Nilifanya kazi ya afisa mitihani kwa miaka mingi, na barua nyingi za rufaa nilizozisoma zilisema "sikustahili alama hizi" bila kuonyesha ni alama ipi iliyokosekana. Kamati ya mitihani haina namna ya kulishughulikia neno "sikustahili". Ina namna ya kulishughulikia pengo la alama 11 linalolingana na jaribio moja, kwa kuwa mtu anaweza kutumwa kwenye kabati akatoe orodha ya siku ile na kuangalia.

Ukikuta pengo lako halilingani na jaribio lolote zima, usikate tamaa, ila badili mahali pa kutafuta. Pengo linalogawanyika kwa tisa bila kubaki kitu mara nyingi ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, kama 21 iliyoandikwa 12. Pengo lenye nukta linaweza kuwa kosa la kupunguza alama, kwa mfano 22 kati ya 30 ikachukuliwa kama 22 kati ya 100, ukapewa 3.3 mahali pa 11. Na ikiwa hakuna alama yako hata moja inayofanana na zilizoandikwa, huenda mwandishi aliteleza mstari mmoja kwenye orodha, ukapewa alama za anayekutangulia au anayekufuata kwa namba ya usajili. Kila kosa kati ya haya lina alama yake ya mguu, na barua nzuri humwonyesha msomaji alama hiyo.

Kuna jambo moja la kuhakikisha kabla hujafurahia hiyo 51. Vyuo vingine havitazami jumla pekee, bali huweka pia kiwango cha chini ambacho mwanafunzi lazima akifikie kwenye mtihani wa mwisho wenyewe. Wewe una 24 kati ya 60, ambayo ni asilimia 40. Fungua kanuni za mitihani za chuo chako, usome sehemu ya masharti ya kufaulu somo. Ikiwa kanuni inataka zaidi ya asilimia 40 kwenye mtihani wa mwisho, rufaa yako inaweza kukubaliwa, alama zikarekebishwa, na bado ukatakiwa kurudia mtihani. Si sababu ya kuacha kuandika, kwa maana alama zako ni haki yako, lakini ni bora ulijue leo kuliko kulisoma kwenye majibu.

Sasa nije kwenye mambo mawili uliyoyataja mwishoni mwa swali lako, ambayo nakuomba yasiingie kwenye barua hii. La kwanza ni mwalimu kutokukupenda. Naamini kwamba linakuuma, wala sisemi kwamba umelibuni. Lakini shauri lako halihitaji chuki ya mtu yeyote ili lisimame: alama 11 zimekosekana, iwe aliyeziacha alikuwa na kinyongo au alikuwa na usingizi. Ukiandika kwamba mwalimu alikusudia, umebadilisha kosa la orodha, ambalo linaweza kutazamwa kwa dakika kumi, likawa tuhuma dhidi ya mtumishi, ambayo lazima aitwe, aandike maelezo, na kila upande usikilizwe. Niliwahi kupokea barua ya kurasa tatu ya binti mmoja, ambayo mbili za kwanza zilieleza maneno aliyoambiwa darasani, na karatasi ya jaribio iliyokuwa imeachwa nje ya hesabu ilitajwa kwenye ukurasa wa tatu, katika sentensi moja. Barua ile ilipelekwa kwenye dawati la malalamiko dhidi ya watumishi, na ilipofika kwa watu wa mitihani, mitihani ya marudio ilikuwa imekwisha. Alama zake zilikuwepo muda wote. Ikiwa kweli umetendewa vibaya darasani, andika barua nyingine, siku nyingine, kwa ofisi inayohusika na nidhamu ya watumishi au kwa mlezi wa wanafunzi.

La pili ni homa. Ugonjwa wa siku ya mtihani una njia yake: kwa kawaida unatakiwa uripotiwe kabla ya kuingia chumbani au ndani ya siku chache baadaye, pamoja na cheti cha hospitali, na nafuu yake huwa ni kuahirishiwa mtihani, si kuongezewa alama. Mwanafunzi aliyekaa akaandika mtihani mpaka mwisho bila kumwambia msimamizi ni vigumu kusikilizwa baada ya matokeo. Zaidi ya hapo, ukiitaja homa kwenye barua hii unamwambia msomaji kwamba hata wewe unaona uliandika vibaya, ilhali hoja yako haihusu mtihani wa mwisho hata kidogo. Unaikubali ile 24. Unadai ile 11.

Maneno hayo mawili ndiyo yanayopaswa kuitawala barua yote. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema alama zilihesabiwa vibaya na kusema majibu yalisahihishwa kwa ukali. Kosa la kuhesabu, kunakili au kuacha sehemu linathibitishika kwa karatasi. Ukali wa msahihishaji ni suala la hukumu ya kitaaluma, na kanuni nyingi ama hazikubali rufaa juu yake, ama zinakubali kwa utaratibu wa kusahihisha upya ambao alama zinaweza kupanda au kushuka. Usichanganye haya mawili kwenye barua moja kwa kudhani kwamba hoja mbili zina nguvu kuliko moja, kwa sababu hoja dhaifu huishusha yenye nguvu.

Kabla ya kuandika, nenda kwa mwalimu wa somo, ukiwa na nakala ya karatasi ya jaribio mkononi. Naelewa kwamba baada ya yale mabishano hutamani kwenda, ila nenda. Mwambie hivi tu: "Shikamoo mwalimu, naomba uniangalizie kwenye orodha yako kama jaribio la kwanza limeingia, maana hesabu yangu inapungua alama 11." Akiona kosa mwenyewe, anaweza kujaza fomu ya marekebisho ya alama, mkuu wa idara akasaini, na jambo likaisha bila rufaa. Akisema atalitazama baadaye, mshukuru, uandike tarehe na saa kwenye daftari lako, kisha uende kuandika barua bila kusubiri hiyo baadaye. Muda wa rufaa huhesabiwa tangu siku matokeo yalipotangazwa, si tangu siku ulipoyaona au siku mwalimu alipokuahidi, na ni muda mfupi. Nimefanya kazi chini ya kanuni ya siku 14 na kanuni ya siku 7, na katika zote mbili niliwaona wanafunzi wenye haki wakirudi kwao Muheza au Pangani kwa likizo, kisha wakaja na barua siku ya ishirini. Soma kanuni yenu leo.

Kuhusu ushahidi, karatasi iliyokwisha kusahihishwa ni hazina, kwa hiyo karatasi halisi ya jaribio usiikabidhi kwa mtu. Itoe nakala kwenye steshenari, pande zote mbili, halisi ibaki nyumbani kwenye bahasha, na barua iseme kwamba utaileta ukiitwa. Usiandike chochote juu yake, hata mstari wa penseli wa kujumlisha, kwa kuwa karatasi yenye maandishi ya kalamu mbili huzua maswali ambayo hayakuwepo. Pamoja nayo, toa nakala ya karatasi ya jaribio la pili, ukurasa wa mbele wa kazi ya kikundi wenye alama, ukurasa wa mpangilio wa somo unaoonyesha mgawanyo wa 40, na chapa ya ukurasa wako wa matokeo kutoka kwenye mfumo, iwe na jina lako, namba ya usajili na tarehe uliyouchapa.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanafunzi huusahau kwa sababu hawaushiki wao, nao uko ofisini. Siku ya jaribio mlisaini karatasi ya mahudhurio. Mwalimu ana orodha yake ya alama aliyoiandika kabla hazijapelekwa kwenye mfumo. Itaje karatasi ile na orodha ile kwa majina yake, uombe zitazamwe. Ukifanya hivyo unamsaidia afisa, ambaye sasa anajua afungue faili gani, na vilevile unaonyesha kwamba huogopi kumbukumbu za chuo. Usiambatishe alama za wenzako, hata wakikuruhusu, wala picha za jumbe za kundi la darasa. Kwamba fulani alipata hivi hakuthibitishi kwamba wewe ulipata vile.

Umeuliza uombe nini hasa, na hapa ndipo barua nyingi huanguka baada ya kuanza vizuri. "Naomba unisaidie" si ombi, kwa maana asiyejua akusaidie nini hataweza kukusaidia. Omba kitu ambacho ofisi hiyo ina mamlaka ya kukitenda, na ambacho ushahidi wako unakifikia bila kukipita. Kwako ni kulinganisha karatasi ya jaribio la kwanza na orodha ya alama, kuingiza alama iliyokosekana, na kukokotoa upya jumla na daraja. Huombi kufaulishwa. Kufaulu kutakuja kwenyewe hesabu ikikaa sawa, na mwanafunzi anayeomba kurekebishiwa kumbukumbu husomwa kwa sikio tofauti na anayeomba kupewa somo.

Ongeza ombi la pili, ambalo ni la tahadhari: ikiwa rufaa haitakuwa imeamuliwa hadi mitihani ya marudio ianze, uruhusiwe kujiandikisha na kufanya sapu bila kufanya hivyo kuhesabiwe kuwa umeiacha rufaa. Mwanafunzi akigoma kufanya sapu kwa kuwa anaamini rufaa yake, kisha rufaa ikachelewa au ikakataliwa, atabeba somo hilo mpaka mwaka unaofuata. Kwa upande mwingine, sapu ina gharama yake, na katika vyuo vingi aliyefaulu kwa sapu huandikiwa daraja la chini kabisa la kufaulu, hata kama alipata 80. Kwa alama zako za 51 huenda tofauti ya daraja isiwe kubwa, lakini kwa mwenzako ambaye alama halisi ni 68 tofauti hiyo inaonekana kwenye wastani wake wote. Jiandikishe, soma, na rufaa iendelee.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Nimeacha nafasi mahali ambapo utajaza mwenyewe, na jina la somo uliandike kama linavyosomeka kwenye mfumo, pamoja na namba yake.

> (Jina kamili),
> Namba ya usajili: ………,
> S.L.P. ………,
> TANGA.
>
> 5 Machi 2026
>
> Naibu Mkuu wa Chuo (Taaluma),
> Chuo cha ………,
> S.L.P. ………,
> TANGA.
>
> K.K. Mkuu wa Idara ya Uhasibu
>
> Ndugu,
>
> YAH: RUFAA DHIDI YA MATOKEO YA SOMO LA UHASIBU WA GHARAMA, MUHULA WA KWANZA, MWAKA WA MASOMO 2025/2026
>
> Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada, mwaka wa pili, mwenye namba ya usajili iliyotajwa hapo juu. Kwa heshima ninawasilisha rufaa dhidi ya matokeo ya somo hili yaliyotangazwa tarehe 2 Machi 2026, kwa mujibu wa kanuni namba …… ya Kanuni za Mitihani za Chuo.
>
> 2. Katika matokeo hayo nimeandikiwa alama 16 kati ya 40 za tathmini endelevu na alama 24 kati ya 60 za mtihani wa mwisho, jumla 40 (Kiambatisho A). Rufaa hii inahusu alama za tathmini endelevu peke yake.
>
> 3. Kwa mujibu wa mpangilio wa somo (Kiambatisho B), tathmini endelevu ina majaribio mawili yenye alama 15 kila moja na kazi ya kikundi yenye alama 10. Katika jaribio la kwanza nilipata 22 kati ya 30, sawa na 11 kati ya 15 (Kiambatisho C). Katika jaribio la pili nilipata 18 kati ya 30, sawa na 9 kati ya 15 (Kiambatisho D). Katika kazi ya kikundi tulipata 14 kati ya 20, sawa na 7 kati ya 10 (Kiambatisho E). Jumla ya alama hizo ni 27.
>
> 4. Tofauti kati ya alama 27 na alama 16 zilizotangazwa ni 11, ambayo ni sawa na alama yangu ya jaribio la kwanza. Kwa hiyo ninaamini kwamba alama ya jaribio hilo haikujumuishwa. Nilifanya jaribio hilo tarehe 20 Novemba 2025 na kusaini karatasi ya mahudhurio, ambayo pamoja na orodha ya alama ya mwalimu wa somo ipo katika kumbukumbu za Idara.
>
> 5. Tarehe 4 Machi 2026 nilimwona mwalimu wa somo kuhusu suala hili, naye alinieleza kwamba atalifuatilia. Nimeona niwasilishe rufaa hii ili muda uliowekwa na kanuni usipite.
>
> 6. Kwa hiyo ninaomba: (a) karatasi yangu ya jaribio la kwanza ilinganishwe na orodha ya alama na karatasi ya mahudhurio, (b) ikithibitika kwamba alama hiyo iliachwa, iingizwe, na jumla pamoja na daraja la somo vikokotolewe upya, (c) ikiwa kumbukumbu za Chuo zinaonyesha alama tofauti na iliyo kwenye karatasi yangu, nijulishwe kwa maandishi tofauti hiyo na sababu yake, na (d) ikiwa uamuzi hautakuwa umetolewa kabla ya mitihani ya marudio, niruhusiwe kuifanya bila kuathiri rufaa hii.
>
> 7. Karatasi halisi za viambatisho ninazo, na niko tayari kuzileta wakati wowote nitakapoitwa. Stakabadhi ya ada ya rufaa imeambatishwa (Kiambatisho F).
>
> Natanguliza shukrani.
>
> Wako mtiifu,
>
> (Saini)
> (Jina kamili)
> (Namba ya simu)
>
> Nakala: Afisa Mitihani

Ukiisoma tena utaona kwamba adabu yake haitokani na maneno ya kujinyenyekeza. Haina "naomba kwa unyenyekevu mkubwa kabisa" wala "nipo chini ya miguu yako", na haihitaji. Heshima iko kwenye kupitia kwa mkuu wa idara mahali pa kumruka, kwenye "ninaamini kwamba haikujumuishwa" mahali pa "mmeninyima", na kwenye kukiri, katika kipengele cha (c), kwamba huenda ofisi ina kumbukumbu ambayo wewe huijui. Kipengele hicho kinakulinda pia: ikitokea orodha ya mwalimu ina 12 wakati karatasi yako ina 22, hutajibiwa kwa neno moja kwamba alama zimeonekana ni sahihi, bali utaelezwa. Namba za aya nimeziweka kwa desturi ya barua za kiofisi, ili anayekujibu aweze kusema "kuhusu aya ya 4" bila kunakili maneno yako. Tarehe ya jaribio nimeikisia. Iandike iliyo kwenye karatasi yako, na aya ya 5 iandike kama mambo yalivyotokea hasa. Usimwekee mwalimu maneno ambayo hakuyasema, kwani ataulizwa.

Ada ya rufaa, kama ipo, ilipe kwa namba ya malipo utakayopewa na ofisi ya uhasibu ya chuo, ile mnayoiita kontroo namba, wala usimpe mtu fedha mkononi au kwenye simu yake binafsi kwa ahadi kwamba ataisukuma barua. Nimeona barua nzuri zikikaa kwenye trei kwa sababu tu stakabadhi haikuwepo, na hakuna aliyempigia mwanafunzi kumwambia.

Chapa barua mara mbili. Zote mbili zipeleke masjala, moja waipokee, na ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo ushahidi kwamba hukuchelewa, na bila hiyo huna jibu siku utakapoambiwa barua haijaonekana. Muulize karani, kwa upole, namba ya faili au ya kumbukumbu iliyopewa barua yako, uiandike nyuma ya nakala. Ukifuatilia baada ya wiki moja, mtaje karani namba hiyo badala ya kuanza kueleza hadithi upya mlangoni.

Njia hii niliyokueleza ni ya alama ambazo chuo chenyewe kimezitoa. Kwa ndugu zako walio kwenye vyuo vya ualimu, ambavyo mitihani yake ya mwisho inaendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na kwa waliomaliza kidato cha nne, rufaa ya mtihani wa mwisho huenda kwa utaratibu wa Baraza, na mkuu wa chuo au wa shule hana mamlaka ya kubadili alama hizo hata akikubaliana na mwanafunzi. Kwako, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi linasimamia chuo, lakini halitakiwi kuwa mlango wa kwanza. Maliza ngazi za ndani, upate jibu la maandishi, ndipo ufikirie kwenda huko ukiwa nalo mkononi.

Jibu likija kwamba "matokeo yanabaki kama yalivyo" bila maelezo, usirudie barua ile ile kwa maneno makali zaidi. Andika fupi, utaje tarehe na namba ya kumbukumbu ya barua ya kwanza, uombe kujulishwa orodha ya alama ilionyesha nini kuhusu jaribio la kwanza, na uulize ngazi inayofuata ya rufaa na muda wake. Na jibu likiwa la kukubali, usiishie kwa kuambiwa mdomoni. Ingia kwenye mfumo uone tathmini endelevu inasomeka 27 na jumla 51, chapa ukurasa huo, na uombe nakala ya barua ya uamuzi iwekwe kwenye faili lako kabla kikao cha taaluma hakijaidhinisha matokeo ya muhula. Nimewahi kuona alama iliyorekebishwa mwezi wa tatu ikirudi kuwa ile ya zamani mwezi wa saba, kwa sababu mtu alipakia tena orodha ya awali, na mwanafunzi aliyeokoka siku ile alikuwa na barua.